Suala la chupa 2000 mbovu chache, usihangaike na bainomia

Mdogo wangu yupo Wete kanirushia picha ya suala Watsapu: chupa 2000, kila moja ina uwezekano wa asilimia 0.15 kuvuja, tafuta uwezekano zisizidi 2 zinazovuja. Yeye kashaanza kupiga 0.9985 kwa kipeo cha 1998, sijui nini, yakhe acha. Zidisha tu idadi kwa uwezekano, 2000 × 0.0015 = 3, hiyo ndo lamda yako, halafu tumia Poisoni:

e^(-3) × (1 + 3 + 3²/2) = 0.0498 × 8.5 = 0.423

Bainomia yenyewe inatoa 0.4230 na hii 0.4232, mwalimu hatokugombeza kwa hilo. Inakubali kwa sababu chupa mbovu ni adimu: varianzi ya bainomia ni np(1-p), na p ikiwa ndogo hivi ile (1-p) ni kama 1, kwa hiyo inabaki np, sawasawa na Poisoni ambayo wastani na varianzi yake ni kitu kimoja.

Ila kwenye picha vuta karibu uone alama ya asilimia, ikikatika ukaandika 0.15 lamda inakuwa 300, ukiona hivyo ujue umesoma vibaya. Na p ikiwa kubwa, tuseme 0.2, usiitumie Poisoni, varianzi yake inazidi ile ya bainomia kwa robo nzima. Wakiuliza "nzima zisipungue 1998" ni suala lile lile, geuza uhesabu mbovu.