Mtoto anakohoa na pumzi inaenda mbio: jinsi ya kushtukia nimonia ukiwa nyumbani

Juzi usiku dada mmoja alinipigia, mtoto wake wa miezi 11 anakohoa siku ya tatu, anataka nimtajie dawa nzuri ya kikohozi. Nikamwambia dawa iache kwanza, niambie anapumuaje. Nilivyomwelekeza ndo hivi.

Hatua ya 1: atulie
Akiwa analia au ananyonya usihesabu, utapata namba ya uongo. Akisinzia ndo vizuri kabisa. Pua ikiwa imeziba isafishe, umwache kidogo.

Hatua ya 2: hesabu pumzi
Hapa ndo watu wanaharibu. Pandisha nguo uone tumbo na kifua, washa taa, weka taima ya simu dakika 1 kamili halafu sahau simu, macho yako kwa mtoto tu mpaka ilie. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, sio mbili, kuna mtu anahesabu mbili mbili anapata 90 na kuamsha nyumba nzima. Na tafadhali usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4. Pumzi za mtoto mdogo hazina mpangilio, anakimbiza kidogo, anasita, anaendelea, kwa hiyo ukikosea 2 tu kwenye hizo sekunde 15 tayari umekosea 8 kwenye jibu.

Umepata namba, sasa angalia umri:
- chini ya miezi 2: 60 au zaidi ni haraka
- miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi
- mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5: 40 au zaidi

Umri usikisie. Pumzi 46 kwa mtoto wa miezi 11 bado haijavuka, kwa mwenye mwaka na mwezi mmoja imevuka. Kichanga wa chini ya miezi 2 ukipata 60 rudia kuhesabu, ikija hivyo tena ni hospitali, na akigoma kunyonya wala usihesabu, ondoka.

Yule dada mara ya kwanza alipata 64, kumbe mtoto alikuwa anagombania ziwa. Aliposinzia ikawa 56. Mpaka wake ni 50, kwa hiyo bado imevuka. Akaniuliza, si labda ni homa? Kweli homa inapandisha pumzi, na dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake mpe tu, ila usikae unasubiri ishuke ndo uamue.

Hatua ya 3: kifua kubonyea
Mlaze chali mapajani, awe amenyooka, akijikunja kiunoni hutaona kitu. Angalia pale mbavu za chini zinapoishia, juu ya tumbo. Kwa kawaida akivuta hewa ndani, kifua na tumbo vyote vinatoka nje. Mwenye shida, tumbo linatoka lakini ile sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani, kila pumzi, hata akiwa ametulia. Ikionekana mara moja moja akilia, haihesabiki. Nyama za katikati ya mbavu zikiingia peke yake nazo sio hiyo ninayoisema. Ukiwa na wasiwasi chukua video fupi, mimi naipenda kuliko maelezo marefu, kituoni watakuelewa haraka.

Hatua ya 4: ondoka
Pumzi imevuka mpaka, au kifua kinabonyea, mojawapo inatosha, nenda kituo cha afya sasa hivi. Kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hazinduki vizuri, anakoroma au kuguna kila pumzi wakati yuko macho, au midomo imekuwa ya bluu, hiyo ni dharura, tafuta hospitali yenye oksijeni. Njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza. Zile antibayotiki zilizobaki za kaka yake usimpe, na dawa ya maji ya kikohozi haitibu nimonia.

Kituoni walimpima oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, ikawa nzuri, na kwa kuwa alikuwa ananyonya na hana dalili za hatari wakampa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku 5.

Hatua ya 5: mkirudi nyumbani
Hesabu tena kila siku, akiwa amelala. Siku ya tatu mrudishe aangaliwe, na kabla ya hapo kama amezidi au amegoma kunyonya. Huyu siku ya tatu alikuwa 42, kifua hakibonyei, akamaliza dozi yote. Bado alikuwa anakohoa kohoa, dada akataka aongezewe antibayotiki nyingine, nikamwambia pumzi imeshuka na ananyonya vizuri, hicho kikohozi kinaweza kuchelewa kuisha, usimuongezee kitu.