Jinsi ya kuandika insha yenye mizani kuhusu mwanamke katika "Vuta N'kuvute"

Swali mnalijua: "Jadili jinsi mwanamke alivyosawiriwa katika riwaya uliyoisoma." Na jibu linalofika mezani kwangu kila msimu wa mitihani ya majaribio nalijua pia: mwanamke ni chombo cha starehe, mwanamke ni jasiri, mwanamke ni mshauri mwema. Hoja tatu mbaya, tatu nzuri, zote zimetoka kwenye fotokopi ile ile inayozunguka kila skuli hapa Unguja. Mwanafunzi anaamini kwamba kwa kuwa pande zimelingana kwa idadi, insha ina mizani.

Haina. Sifa zimepangwa tu, hakuna zilipopimana. Mizani huja pale unapochukua tukio moja, ukakubali kwamba linasomeka kwa namna mbili, kisha ukasema ipi ina uzito zaidi na kwa nini. Nitaonesha kwa "Vuta N'kuvute" ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, kwa sababu wengi wenu mnayo na kwa sababu Yasmin ni mhusika anayewatega watahiniwa vibaya sana.

Hatua ya kwanza: punguza wanawake

Usijaribu kumtaja kila mwanamke aliyepita kitabuni. Chagua watatu wanaogusana: Yasmin, mama yake, na Mwajuma. Watatu hawa wanakutosha, maana uamuzi wa mmoja unaangukia kwa mwengine. Yasmin anamkimbia mume, mama anamkataa, Mwajuma anampokea. Mnyororo huo peke yake unabeba insha nzima.

Hatua ya pili: andika matukio bila sifa

Chukua karatasi, andika walichofanya na walichofanyiwa. Marufuku kutumia "jasiri", "katili", "malaya" au "mvumilivu". Kwa mfano:

Yasmin anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Raza, mwenye miaka 52. Anaondoka kwa mumewe. Mama hampokei. Anaishi kwa Mwajuma, Ng'ambo. Anampenda Denge, Mswahili anayepambana na serikali ya kikoloni.

Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini hapa ndipo insha nyingi zinapookolewa. Kuna kijana aliniuliza darasani, tena kwa sauti ya mtu aliyeshamaliza kesi: "Mwalimu, Mwajuma si mhuni tu huyu?" Nikamwambia asome karatasi yake. Alikuwa ameandika kwamba Mwajuma anapenda starehe na wanaume, na mstari wa chini yake kwamba ndiye aliyempa Yasmin pa kulala wakati ndugu wa damu wamemfungia mlango. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hii naiweka hoja gani?" Swali hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Mwanamke ambaye jamii ingemwita aliyepotea ndiye anayetekeleza wajibu ambao walioheshimika wameukimbia. Ukimgawa Mwajuma vipande viwili, kimoja kwenye hoja mbaya na kimoja kwenye hoja nzuri, umelipoteza jambo lenyewe.

Hatua ya tatu: uliza nani ameamua, na nani anatazama

Kila tukio lipitishie maswali hayo mawili. La kwanza ni jepesi. Ndoa ya Raza waliamua wengine. Kuondoka aliamua Yasmin.

La pili wengi hulisahau. Rudi mwanzo kabisa wa riwaya. Msimulizi anatutambulisha kwa Yasmin kupitia sura yake: kijuso cha duara kinachofananishwa na tungule, na macho makubwa. Tunamtazama kabla hatujamsikia. Hapo unaweza kudai kwamba msimulizi mwenyewe anamweka msichana huyu kama kitu cha kutazamwa. Unaweza pia kudai kinyume: kwamba udogo wa sura hiyo, ukiwekwa karibu na umri wa Raza, unamfanya msomaji aione dhuluma ya ndoa ile kabla hajaambiwa lolote. Mimi naegemea la pili, lakini mtahini hatakunyima alama ukitetea la kwanza kwa ushahidi. Atakunyima ukilipita kama hukuliona.

Hatua ya nne: jenga aya moja yenye uzito

Hii ni aya ninayoweza kuikubali:

"Yasmin anaozwa na familia yake akiwa na miaka 15 kwa mume wa miaka 52. Uamuzi huo si wake, hivyo mwanzoni tunaoneshwa mwanamke anayepangiwa maisha na wengine. Hata hivyo, kuondoka kwa Raza ni uamuzi wake mwenyewe, naye anaulipia: mama yake anamkataa na jamii yake inamtenga. Kwa hiyo mwandishi hamchori kama mwathirika tu. Anaonesha kwamba mwanamke wa wakati ule aliweza kujichagulia njia, ila bei yake ilikuwa kuipoteza familia."

Angalia sentensi ya mwisho. Haijasema Yasmin ni mnyonge wala shujaa. Imesema hali iliyomruhusu kuwa vyote viwili. Aya ikikosa sentensi ya namna hiyo, umesimulia hadithi tu.

Mama yake pia mpe haki yake. Kumwita katili na kupita ni uvivu. Mtazame ndani ya jamii ya Kihindi ya Unguja wakati wa himaya ya Mwingereza, ambamo binti aliyemkimbia mume ni aibu ya ukoo mzima. Anailinda heshima ambayo naye imembana. Hilo halimsafishi, lakini linaihamisha lawama kutoka roho ya mtu mmoja kwenda kwenye utaratibu.

Hatua ya tano: tafuta pingamizi linalouma

Pingamizi dhaifu ni rahisi kulijibu na halina faida. Lenye nguvu ni hili: uhuru wa Yasmin unapita mikononi mwa wanaume. Anatoka kwa Raza, anampenda Denge, na baadaye anaolewa na Bukheti. Isitoshe, harakati za kisiasa zinaendeshwa zaidi na Denge na wenzake wanaume, huku wanawake wakibaki pembezoni, kwenye mapenzi na hifadhi.

Usilizime kwa mstari mmoja. Likubali nusu: ni kweli siasa za riwaya hii zina sura ya kiume. Kisha onesha tofauti iliyopo. Kwa Raza alipelekwa, Denge alimchagua. Na kati ya wanaume hao kuna nyumba ya Mwajuma, ambako Yasmin anajifunza kuishi bila kuomba ruhusa. Bila nyumba hiyo, kutoroka kwake kungeishia barabarani.

Tahadhari moja: filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ni kazi nyengine. Ukitoa ushahidi kwenye filamu katika swali la riwaya, anayesahihisha atagundua, maana yeye kitabu amekisoma.

Hatua ya sita: hitimisho lenye hukumu

"Mwanamke amechorwa kwa uzuri na kwa ubaya" haisemi kitu. Sema upande ulioelemea, halafu taja mpaka wake: "Riwaya inampa mwanamke uwezo wa kuamua juu ya ndoa na mapenzi yake, lakini haimpi nafasi sawa katika kupigania nchi." Sentensi hiyo iandike kwanza, kabla ya utangulizi, kisha pitia kila aya ukiuliza inaibeba vipi. Isiyoibeba ikate, hata kama ndiyo uliyoipenda.