Kadi za mezani na bango la viti vya karamu: mtindo mmoja mwanzo hadi mwisho

Tuchukue karamu ya arusi hapa Goma: wageni 150, meza 15 zenye majina ya milima na visiwa (Nyiragongo, Mikeno, Karisimbi, Idjwi na kadhalika), watu 10 kila meza. Kosa linaloharibu ulinganifu huanza pale kadi zinapochapishwa kwenye sekretariati moja, yaani duka la kuchapa na kutoa nakala, na bango kubwa likapelekwa kwa wachapaji wa turubai. Mashine mbili hazitoi rangi moja, hata ukiwapa faili lilelile. Kijani cha kadi kitakuwa kijani, cha bango kitaelekea buluu. Kwa hiyo usichapishe bango zima. Litengeneze kwa karatasi za A5, moja kwa kila meza, kutoka bristoli, ile karatasi nene, ileile na mashine ileile ya kadi, kisha uzibandike ubaoni.

Rangi nayo iachie karatasi. Nunua bristoli ya rangi ya krimu, gramu 220 hadi 250, pakiti moja, kwa sababu krimu ya pakiti nyingine huweza kupishana. Maandishi yote yawe meusi. Rangi ya arusi iingie kwa utepe au kipande cha kitenge pembeni ya ubao.

1. Orodha. Faili moja la Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, safu mbili: Jina na Meza. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye mwaliko. Kila sahihisho lifanyike humu tu, kamwe si kwenye kadi wala kwenye karatasi ya meza.

2. Herufi. Fonti mbili zinatosha: ya mapambo kwa jina la meza, ya kawaida kwa jina la mgeni. Wengi wetu huandika jina la ukoo kwa herufi kubwa tupu, na hapo fonti ya mapambo hushindwa: MUHINDO inageuka mikunjo isiyosomeka. Ukubwa: jina kwenye kadi pointi 20, majina ya ubaoni pointi 16, jina la meza pointi 36.

3. Kadi. Kadi iliyokunjuliwa ina upana wa sm 10 na urefu wa sm 9; ikikunjwa inasimama kwa sm 4.5. Sita zinaingia kwenye A4, kwa hiyo wageni 150 ni karatasi 25. Ongeza karatasi tano za akiba. Kwenye LibreOffice fungua Fichier > Nouveau > Étiquettes, chagua orodha yako, kisha kwenye Format weka:

```
upana 10 sm     urefu 9 sm
kushoto 0.5 sm  juu 1.35 sm
mwanzo wa kadi hadi mwanzo wa inayofuata: mlalo 10 sm, wima 9 sm
safu 2          mistari 3
```

Jina likae nusu ya chini ya kadi, ukiacha kama sm 6 juu yake. Likikaa katikati, mkunjo utalipasua.

4. Kuchapisha. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Peleka PDF, usipeleke faili la Writer: kompyuta ya sekretariati isipokuwa na fonti yako huweka nyingine bila kukuambia, majina marefu yanaruka mstari na mpangilio wote unasogea. Kwenye dirisha la kuchapisha chagua "Taille réelle". Wakiacha "Ajuster", ukurasa unapungua kidogo, na kosa hilo halionekani kwa macho. Chapisha ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida, pima kwa rula kutoka jina la kadi ya kwanza hadi la kadi iliyo chini yake. Lazima iwe sm 9 kamili.

Ikiwa ni mashine ya leza, mwambie mhudumu aweke aina ya karatasi kuwa nene na aipitishe kwenye trei ya mkono. Asipofanya hivyo joto halitoshi, na wino wa unga haushiki. Sugua jina kwa kidole gumba: kidole kikiwa cheusi, simamisha kazi. Mashine ya wino wa maji mimi siishauri kabisa. Mgeni akishika kadi kwa mkono uliolowa soda, jina lake limekwisha.

5. Kukunja. Pitisha kwanza kalamu ya biki isiyo na wino kando ya rula, ndipo ukunje. Bila hivyo bristoli hupasuka nyuzi mgongoni.

6. Ubao. A5 kumi na tano, tano kwa upana na tatu kwa urefu, zikiachana sm 2, zinaenea ubao wa sm 90 kwa 90 pamoja na kichwa cha juu. Tumia gundi ya kubandua, si gundi ya maji inayokunja karatasi. Familia ikihamisha mtu asubuhi ya karamu, unachapisha upya karatasi za meza mbili tu na kuhamisha kadi yake.

Mwisho, panga orodha ileile kwa alfabeti na uwape watu wa protokoli mlangoni.