SOMO: Marehemu hakuacha wosia. Mirathi inafunguliwaje na msimamizi anakwama wapi

Kila msimu wa korosho ukianza kulipwa, swali ni lile lile: "Mzee kafariki, hakuandika wosia, pesa zipo benki, tunazitoaje?" Nimeamua kuandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kufa bila wosia maana yake si mali kukosa mwenyewe. Maana yake ni kwamba sheria ndiyo inayosema nani apate na kwa kiasi gani, badala ya marehemu. Anahesabiwa hivyo pia aliyeandika wosia ukabatilishwa. Aliyeusia shamba moja na kuyanyamazia mengine, yale aliyoyanyamazia yanagawiwa kama ya mtu asiye na wosia. Jina la "ndugu wa karibu" ulilojaza kwenye fomu ya benki si wosia, linaisaidia benki kujua impigie nani simu.

Hapa naongelea Tanzania Bara, na hasa familia ya Kiislamu, maana ndizo mirathi nyingi za huku kwetu Mtwara na Lindi. Mkristo asome majibu huko chini.

1. Cheti cha kifo. RITA, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Aliyefia nyumbani, anzeni kwa mtendaji.

2. Kikao cha familia. Andikeni muhtasari: waliohudhuria, warithi wote kwa majina, mali mnazozijua, na mliyempendekeza kuwa msimamizi wa mirathi. Wote wasaini. Kikao kinapendekeza tu, mahakama ndiyo inayoteua. Mtu mwenye muhtasari mkononi bila uteuzi wa mahakama hana mamlaka ya kuuza hata kuku.

3. Mahakama ya Mwanzo. Nendeni ile ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, si ile iliyo karibu na mleta maombi. Aliyekuwa akiishi Nanyamba na mwanawe yuko Dar es Salaam, mirathi inafunguliwa huku. Unajaza Fomu Namba 1, tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi analileta. Lisipokuwepo, au likisikilizwa likatupwa, hakimu anakupa Fomu Namba 4, ambayo ndiyo hati ya usimamizi.

4. Orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Tangu siku ya uteuzi una miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya kweli na kamili, mali upande mmoja na madeni upande wa pili. Ukiona haitoshi, omba muda kabla haujaisha. Kosa la kwanza ni kuingiza kisicho cha marehemu. Kiwanja kilichonunuliwa na mke kwa pesa zake na kikaandikwa jina lake si mirathi, hata kama mume ndiye aliyesimamia ujenzi. Nyumba iliyoandikwa jina la mume lakini mke alichangia, tenganisheni kwanza haki ya mke kabla ya kuorodhesha. Sheria ya Ardhi inamtambua mwenzi aliyechangia hata kwa kazi ya mikono yake. Msipofanya hivyo, mjane anajikuta anarithi sehemu ya nane ya kitu ambacho sehemu yake nyingine tayari ilikuwa mali yake mwenyewe.

Kosa la pili ni kadi ya benki. Marehemu kazikwa Jumanne, Jumatano kijana mwenye namba ya siri kashatoa laki tisa. Taarifa ya akaunti inaonyesha tarehe, na cheti cha kifo kina tarehe. Mrithi mmoja akiziweka karatasi hizo mbili pamoja mbele ya hakimu, msimamizi anaanza kujieleza. Kilichotolewa baada ya kifo kinarudishwa, au kinaandikwa kwenye orodha na risiti za kilivyotumika. Hali kadhalika malipo ya korosho yanayoingia baada ya kifo: kama mzigo ulipelekwa AMCOS marehemu akiwa hai, pesa ile ni ya mirathi, haijalishi mnada ulifanyika lini.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote: msimamizi kuhamisha shamba au nyumba kwenda jina lake binafsi, kana kwamba kupewa Fomu Namba 4 ni kupewa mali. Msimamizi anashika kwa niaba ya warithi. Jina likibadilishwa liandikwe yeye "kama msimamizi wa mirathi ya marehemu" fulani, kisha kutoka hapo liende kwa mrithi. Ukiona mtu anaharakisha hatua hiyo na hataki maneno hayo yaandikwe, zuia mapema.

5. Lipa kwanza. Gharama za mazishi, kisha madeni. Mkopo wa pembejeo uliobaki chama cha msingi ni deni kama deni lingine.

6. Gawa. Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke mmoja, mama mzazi, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Shamba la mikorosho limethaminiwa 8,000,000, benki kuna 2,600,000. Mazishi na deni la pembejeo jumla 1,000,000. Kinachobaki ni 9,600,000.

Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata sehemu moja ya nane: 1,200,000. Mama anapata moja ya sita: 1,600,000. Hao wawili wanatolewa kwanza, inabaki 6,800,000. Watoto wanagawana hiyo, wa kiume akipata mafungu mawili na kila wa kike fungu moja. Ni mafungu manne, kila moja 1,700,000. Kwa hiyo kijana 3,400,000 na mabinti 1,700,000 kila mmoja. Jumlisheni, lazima irudi 9,600,000. Isiporudi, kuna mtu kapunjwa au kazidishiwa.

Si lazima shamba liuzwe. Mmoja anaweza kulichukua na kuwalipa wenzake thamani ya mafungu yao, mkiandika na kusaini. Wapo wanaokwenda BAKWATA kupigiwa hesabu, na ni vizuri, lakini karatasi ile inapelekwa mahakamani, haichukui nafasi ya mahakama.

7. Fomu Namba 6. Hesabu ya nini kimeingia, nini kimetoka, nani kapata nini. Ikikubaliwa, mirathi inafungwa.

---

MASWALI

Kijana wa Shangani: Mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume na hati ya nyumba ninayo. Mteja yupo tayari wiki hii. Nauza au nasubiri?

Mwandishi: Soma hatua ya 2 na ya 3. Kushika hati si kumiliki, na ukubwa wa kuzaliwa si uteuzi.

Kijana wa Shangani: Lakini wadogo zangu wamekubali wote kwa mdomo.

Mwandishi: Basi haitakuwa shida kuwakusanya wasaini muhtasari. Mteja mwambie ukweli. Akilipa leo ananunua kwa mtu asiye na mamlaka ya kuuza, na kesi itakuwa yake pia.

Mama Newala: Shikamoo mwalimu. Mume wangu ni Mmakonde, Mwislamu. Watoto wa dada yake wamekuja wanasema kwa mila yetu shamba linakwenda upande wa mama yake, yaani kwao wapwa. Watoto wangu watatu wapo. Ni kweli?

Mwandishi: Marahaba dada, na pole kwa msiba. Mila ya kurithi upande wa kikeni ipo kweli kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, kwa hiyo hawajaitunga. Ila kabla ya kugawa, mahakama inaangalia marehemu aliishi maisha gani: ndoa yake ilifungwaje, aliwalea watoto vipi, alizikwaje. Akionekana aliishi Kiislamu, sheria ya Kiislamu ndiyo itakayotumika, na humo watoto wa dada hawarithi palipo na watoto wa marehemu. Jambo la kuchunguza ni hili: shamba alilinunua au kulifyeka mwenyewe, au alipewa na ukoo alitumie? Kama ni la ukoo na hakuwahi kumilikishwa, watasema si mali yake hata kidogo, na hiyo ni hoja tofauti na mirathi. Tafuta hati ya kimila, au karatasi ya mauziano, au majirani wa mpaka wanaojua alilipataje. Na uwepo mahakamani siku iliyotajwa kwenye tangazo, usitume mtu.

Mama Newala: Alinunua, karatasi ninayo, ina muhuri wa kijiji.

Mwandishi: Toa nakala tatu leo. Halisi usimwachie mtu yeyote, hata msimamizi. Apewe nakala.

Mdau wa Nachingwea: Sisi Wakristo, ndoa ya kanisani. Mahakama ya Mwanzo inatuhusu?

Mwandishi: Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kama mzee aliishi Kikristo na si kimila, anzieni Mahakama ya Wilaya muulize, kutegemea na ukubwa wa mali mtaelekezwa hapo au Mahakama Kuu. Mgawo nao ni mwingine: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Wazazi wa marehemu hawapati wakiwepo watoto. Kufungua mahakama isiyohusika ndiko kunakofanya mirathi nzima ifutwe baada ya miaka.

Binti Masasi: Kaka aliteuliwa mwaka juzi. Hajaleta orodha wala hesabu, tukiuliza anakasirika.

Mwandishi: Miezi minne ilishapita zamani. Andika barua kwa mahakama ileile iliyomteua, taja namba ya shauri, omba aitwe aeleze. Akishindwa, ombeni uteuzi wake utenguliwe mpendekeze mwingine. Usifungue shauri jipya mahakama nyingine.

Mkulima Tandahimba: Kwenye kugawa, si rahisi tu kuhesabu miti? Sisi tunayo 96.

Mwandishi: Umechagua namba nzuri, kwa mfano wa juu ingetoka 12, 16, 34, 17 na 17 bila mabaki. Tatizo mti si mti. Mkorosho mkongwe uliokufa matawi haulingani na uliobebeshwa ukaanza kuzaa vizuri. Tembeeni shamba zima pamoja, wekeni alama za rangi kwa madaraja, kila daraja ligawiwe peke yake. Na ardhi iliyo chini ya miti isemwe ni ya nani.

Mkulima Tandahimba: Na salfa? Mirathi ikichelewa mpaka msimu wa kupuliza ukapita, hatuvuni kitu.

Mwandishi: Swali zuri. Kulinda mali ni kazi ya msimamizi, kwa hiyo gharama ya salfa, mpulizaji na palizi inatoka kwenye pesa ya mirathi, kwa risiti, na inaingia Fomu Namba 6. Mavuno ya kipindi hicho nayo ni ya warithi wote kwa mafungu yaleyale. Kama msimamizi hajateuliwa bado, mmoja atangulize pesa kwa maandishi mbele ya wengine, na mzigo ukienda ghalani muambieni karani wa AMCOS mapema kwamba mwenye shamba amefariki, ili malipo yasiende kwenye simu ya mtu.