Wazo baya likikujia ukiwa na kisu mkononi, fanya hivi

Mimi ni mshauri hapa Kigoma na mawazo haya nayasikia sana, hasa kwa mama waliojifungua karibuni. Chukua huyu wa Ujiji (nimebadili mambo kadhaa asijulikane), mtoto wa miezi miwili amelala kwenye mkeka, yeye anatoa matumbo ya migebuka, ghafla kichwani: vipi ukimchoma? Akatupa kisu, akatetemeka. Toka siku hiyo visu vyote kavificha juu ya kabati, kupika kamwachia wifi yake, kila jioni anamuuliza mamake "mama, mi ni mtu mbaya?" na anarudia astaghfirullah mpaka zifike 33, akikosea anaanza upya.

Sasa elewa, wazo kama hilo huwapata watu wengi tu wasio na ugonjwa wowote. Kwako limeng'ang'ania kwa sababu limegusa unachokipenda kuliko vyote. Angekuwa anataka kumdhuru mtoto asingetetemeka vile.

Hatua ya kwanza, liite jina lake: "hili ni wazo, limekuja lenyewe." Basi, usilijibu.

Ya pili ndo ngumu. Acha kulifukuza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner wa Marekani aliwaambia wanafunzi wasimuwaze dubu mweupe, wakimuwaza wagonge kengele, na kengele zikagongwa tu. Ukilipiga vita wazo inabidi ulichungulie kila saa kama limeondoka, na kuchungulia kwenyewe kunaliita. Kuficha kisu, kumuuliza mama, kuhesabu, vyote vinakupa nafuu ya dakika chache halafu akili inajifunza kwamba kumbe kweli kulikuwa na hatari. Ibada endelea nayo kama kawaida, ila isiwe fimbo ya kufukuzia wazo.

Ya tatu, rudi taratibu. Tulianza na kisu kukaa mezani tu, siku chache baadae akakata vitunguu mtoto akiwa chumba cha pili, halafu mtoto mkekani palepale. Wazo likija usiache kazi wala usiharakishe, moyo utadunda, uache udunde, utashuka wenyewe, na usiposhuka leo kesho rudia tu. Mama nae tulimwomba asijibu tena lile swali, aseme "mwanangu, hilo tulikubaliana nisijibu."

Ila kama unasikia sauti inakuamuru, au wazo unaliona ni sawa na unapanga kulitekeleza, au umejifungua na siku kadhaa hulali kabisa na unaanza kuamini vitu wenzako hawavioni, hapo huu mwongozo sio wako, mtoto akae na ndugu na wewe upelekwe hospitali leo leo.

Yule mama wiki ya sita alikuja na mtoto mgongoni. Nikamuuliza wazo bado linakuja? "Jana limekuja, nikamalizia samaki wangu."