Somo: Chukua kishika uchumba kabla ya kukata jora

Wadau, mfano ni wangu mwenyewe hapa Mbeya. Nilitaka kushona kinga ya magoti ya bodaboda: turubai nje, kipande cha blanketi ndani. Anayejua baridi ya Uyole saa kumi na moja alfajiri mwezi wa sita haulizi kwa nini.

Kwanza, piga hesabu ya jora. Jora lilikuwa 240,000 na linatoa kinga 20. Fundi, uzi na vifungo ni 7,000 kwa kila kinga. Bei niliyopanga ni 28,000, kwa hiyo kila moja inaniachia 21,000 ya kulipia jora. Gawanya 240,000 kwa 21,000, unapata 11 na kitu. Yaani nikiuza 12, jora limejilipa. Nikaandika kwenye daftari: "Oda 12 zilizolipiwa ndani ya siku 10, vinginevyo sikati." Iandike kabla ya kutangaza. Ukisubiri matokeo ndipo uweke kiwango, utakishusha tu, maana tayari una mapenzi na bidhaa yako.

Pili, shona sampuli moja na utengeneze ukurasa. Mimi nilitumia fomu ya bure ya Google: picha mbili, bei, tarehe ya kuchukua, na sentensi hii: "Bado hatujashona. Oda zisipofika 12, unarudishiwa hela yako yote." Kwa kila kijiwe niliweka linki yake ya WhatsApp, ili nijue mtu katokea wapi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=KINGA%20KABWE
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=KINGA%20UYOLE
```

Weka namba yako kwenye hizo X, bila ile sifuri ya mwanzo. Mteja akibonyeza, ujumbe unakuwa umeshaandikwa, yeye anatuma tu.

Tatu, omba hela. Hapa ndipo nilipoteleza. Mara ya kwanza fomu yangu iliuliza jina na simu basi. Majina 41! Nilishaanza kutafuta usafiri wa kwenda kuchukua jora Mwanjelwa, fundi wangu akaniambia, "Waambie walete elfu tano tano kwanza." Nikawapigia wote. Waliotuma ni 6.

Sikukata. Nikaenda kijiweni Kabwe kukaa na wale waliokwepa, na sikuwauliza kwa nini hawajalipa, maana mtu atakwambia hela hana. Nilimpa mmoja sampuli aivae afanye kazi asubuhi nzima. Abiria wa tatu tu, kaivua. Kila akishuka kusaidia mzigo anafungua kamba kiunoni, akipanda anafunga tena. Bei haikuwa tatizo hata kidogo. Mwenzake akasema, "Ifunge kwenye pikipiki, si kwangu."

Tukashona sampuli nyingine inayofungwa kwenye usukani na tangi, dereva anaingiza magoti tu. Ukurasa mpya, bei ile ile, kishika uchumba 5,000. Siku ya nane walikuwa 15, na 11 kati yao walitoka Uyole. Nikashona 15, si 20. Kitambaa kilichobaki hakiozi. Waliokuja kuchukua ni 13.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Mafinga:* Mkuu, kupokea hela ya kitu ambacho hakipo si utapeli?

Ukificha, ndiyo. Ndiyo maana ile sentensi ya "bado hatujashona" inakaa juu, karibu na bei. Halafu hela za watu ziweke kwenye laini yake peke yake, usinunulie hata vocha. Gharama ya kuwarudishia ni yako, iingize kwenye bajeti mapema.

*Mama wa Makambako:* Mimi nataka kusaga siagi ya karanga. Nifanye hivyo hivyo?

Dada, chakula kina shida yake. Kopo la kwanza watu hununua kwa kuonja au kwa kukuonea haya, hasa majirani. Tengeneza makopo machache, uza, kisha chukua kishika uchumba cha kopo la pili. Hao ndio wa kuhesabu. Na ndugu zako wahesabu pembeni.

*Mdau wa Tukuyu:* Ulipima mwezi gani?

Wa sita. Ningepima Oktoba wakati wa joto ningepata sifuri, nikadhani bidhaa ni mbovu. Lakini na kinyume chake ni kweli: zile oda 15 ni za baridi, hazinihakikishii chochote kuhusu Oktoba. Nina mpango wa kupima upya mvua zikianza, kwa kutangaza turubai bila blanketi.

*Mdau wa Mafinga tena:* Na wale wawili ambao hawakuja?

Niliwapigia. Mmoja aliuza pikipiki, nikamrudishia. Mwingine simu haipokelewi hadi leo, elfu tano yake ipo kwenye laini.