Mwisho wa posti omba kitu kimoja tu

Jamani mnaouza mtandaoni, dada yangu anauza mafuta ya alizeti hapa Area C, posti zake zilikuwa zinaishia na "piga simu, njoo inboksi, foloo, sheya, karibu dukani", watu wanalaiki wanapita zao. Tukafuta yote tukaacha mstari mmoja: "Bonyeza hapa, andika unataka lita ngapi na uko mtaa gani." Linki yenyewe ya WhatsApp ni hii, namba inaanza na 255 bila + wala 0, ukikosea hapo chati inaweza isifunguke:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nataka%20alizeti%20lita
```

Mteja akibonyeza anakuta "Nataka alizeti lita" ishaandikwa, anamalizia "5, Kisasa" anatuma. Bei weka kwenye posti, la sivyo meseji ya kwanza itakuwa "bei gani?" na wengi huishia hapo.